Jumla Iko Sawa, Siku Zimepita: Namna Ninavyohesabu Siku za Washauri Kabla ya Kulipa

Ankara ya tatu ya washauri wetu ilikuwa na ukurasa wa mbele uliopendeza macho. Siku zilizoruhusiwa na mkataba: 120. Siku zilizodaiwa mpaka sasa: 118.5. Kikomo cha fedha: KSh 2,900,000. Fedha zilizodaiwa: KSh 2,880,000. Ukiwa na mafaili mengine mezani na mkurugenzi anayeuliza kama malipo yatatoka wiki hii, ukurasa kama huo unakuvuta utie sahihi. Jumla zote mbili ziko chini ya kikomo, basi kuna nini tena?

Kulikuwa na nafasi mbili zilizopita siku zake, na moja iliyokuwa ndani ya siku zake lakini imetozwa zaidi ya ilivyofanya kazi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoonekana kwenye jumla.

Mimi ni mhasibu wa miradi hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ni miradi ya maji katika kaunti za magharibi. Nitaeleza mkataba huu mmoja tu, kwa sababu makosa yake ni yale yale ninayokutana nayo Kakamega, Busia na Homa Bay. Majina ya kampuni na watu nimeyaacha. Kampuni ilikuwa na ofisi Nakuru, kazi yenyewe ilikuwa Siaya, na sisi tulikuwa mteja.

Soma kiambatisho kabla ya kufungua ankara

Kwanza hakikisha mkataba ni wa kulipa kwa muda. Kuna mikataba ya bei moja, ambapo unalipa ripoti ikikubaliwa, na kuhesabu siku za mtu hakukuhusu. Wetu ulikuwa wa kulipa kwa muda, na masharti yake yalichukuliwa kutoka kwenye fomu ya kawaida ya Benki ya Dunia kwa mikataba ya aina hiyo. Kwenye fomu hiyo mwezi mmoja wa kazi ni siku 22 za kutozwa, na siku moja ya kutozwa si chini ya saa 8. Hilo ni muhimu kwa sababu kiambatisho cha muda wa wataalamu mara nyingi huandikwa kwa miezi, huku ankara ikija kwa siku. Mtu aliyepewa mwezi mmoja na nusu ana siku 33. Kampuni ikigeuza mwezi kwa siku 30, mtu huyo huyo anapata siku 45, na hakuna aliyeandika uongo mahali popote.

Kwetu kiambatisho kilikuwa tayari kwa siku. Injinia kiongozi alikuwa na siku 20 za ofisini kwa KSh 25,000 kila siku, na siku 30 za nyanjani kwa KSh 32,000. Mtaalamu wa maji ya ardhini alikuwa na siku 30 kwa KSh 24,000, bila kutenganisha ofisi na nyanjani. Mtaalamu wa masuala ya jamii alikuwa na siku 40 kwa KSh 18,000. Kwa hiyo mistari ya kulinganisha ni minne, ingawa wataalamu ni watatu. Mahali popote mkataba unapoweka ada tofauti, hapo pana kikomo chake, na kikomo hicho kinataka mstari wake.

Tafuta pia barua za marekebisho. Nimeshaona watu wakigombana juma zima juu ya siku ambazo marekebisho ya pili yalikuwa yameziongeza, na marekebisho yenyewe yamelala kwenye faili la idara ya ununuzi, chumba cha pili. Andika juu ya jedwali lako: siku hizi ni kwa mujibu wa mkataba wa tarehe fulani na marekebisho namba fulani.

Mtu mmoja, siku moja, mstari mmoja

Wengi hulinganisha ankara na mkataba. Wanachukua "Injinia, nyanjani, siku 13" kutoka kwenye ankara ya Novemba, wanaona siku 13 si nyingi, wanapita. Ankara ni madai. Ushahidi uko kwenye karatasi za muda zilizoambatishwa nyuma, zile zenye visanduku 31 na sahihi mbili, ya mtaalamu na ya kiongozi wake. Hizo ndizo unazopaswa kuzifumua.

Ninavyozifumua ni hivi: kila siku ambayo mtu amejaza inakuwa mstari wake kwenye Excel. Sinakili jumla ya mwezi. Shiti yangu ninaiita Siku, na safu zake ni A mpaka H: namba ya ankara, ukurasa wa PDF, nafasi kwenye mkataba, mtu, tarehe, mahali, saa, na siku. Watu hustaajabu kwamba nafasi na mtu ni safu mbili tofauti. Subiri, utaona kwa nini.

Majina siyaandiki. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye karatasi tatu kwa majina matatu: la ubatizo na la ukoo, la ukoo peke yake, au herufi za mwanzo na cheo. Kwa Excel hao ni watu watatu. Natumia alama fupi: INJ, MAJI na JAMII kwa nafasi, kisha M1, M2 na kuendelea kwa watu. Mahali ni O kwa ofisini na N kwa nyanjani.

Tarehe ndizo zenye hila zaidi. Kompyuta nyingi za ofisini zimewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, ambao unatanguliza mwezi. Ukiandika 10/11/2024 ukimaanisha Novemba 10, kompyuta inasoma Oktoba 11, na wala haikuambii. Utagundua tu siku jumla ya Oktoba itakapokuwa kubwa na ya Novemba ndogo. Mimi huandika 2024-11-10, na hapo hakuna ubishi.

Kama karatasi zilitoka kwenye Excel zikahifadhiwa moja kwa moja kuwa PDF, unaweza kuzivuta kwa Data, Get Data, From File, From PDF, halafu ukatumia Unpivot Columns kugeuza vile visanduku 31 kuwa mistari. Zetu zilikuwa zimepigwa chapa, zimetiwa sahihi kwa kalamu, zimeskaniwa zikiwa zimeinama kidogo. Faili ya namna hiyo ni picha, haina maandishi ya kuvuta. Tulikaa wawili, mwenzangu akisoma kwa sauti, mimi nikiandika. Kwa watu wanne, maana nafasi moja ilishikwa na wawili, na miezi mitatu, mchana mmoja unatosha, na umeme usipokatika unabaki na muda.

Ukimaliza karatasi moja, linganisha jumla ya mistari yako na jumla iliyoandikwa chini ya karatasi. Zikitofautiana na umehakikisha hukukosea kuandika, usirekebishe chochote. Weka ulichohesabu, kisha kando yake uandike walichojumlisha wao. Tofauti hiyo ni yao kuieleza.

Kuna jambo moja la kutazama kabla ya kuandika hata mstari wa kwanza: visanduku vimejazwa kwa kitu gani? Kampuni moja inaweza kuwa na mtu anayeandika 8 kwa maana ya saa, mwingine anayeandika 1 kwa maana ya siku, na wa tatu anayeweka alama ya vema tu. Karatasi ya Injinia wetu ilikuwa na 1 na 0.5. Ya mtaalamu wa jamii ilikuwa na saa. Nilizigeuza zote kuwa saa, na hapo ndipo shida ya kwanza ilipojitokeza.

Saa 12 ni siku ngapi?

Karatasi ya Oktoba ya mtaalamu wa jamii ilikuwa na saa 148. Kampuni iligawanya kwa 8, ikapata siku 18.5, ikadai 18.5. Hesabu yenyewe haina kosa. Lakini nilipoweka mstari kwa kila tarehe, nilipata tarehe 16 tu zilizojazwa. Siku 11 zilikuwa za saa 8, na siku 5 zilikuwa za saa 12, zile za mikutano ya vijijini inayoanza asubuhi na kuisha giza likiingia.

Aliyewahi kuitisha mkutano wa maji Alego au Ugenya anajua kwamba saa 12 hizo si za kubuni. Unafika asubuhi, watu wanaanza kujaa saa sita, na kabla ya kutoka lazima ule. Sikuwa na shaka na kazi yake. Shaka ilikuwa kwenye ubadilishaji. Masharti ya ile fomu yanasema wataalamu hawalipwi saa za ziada wala likizo ya ugonjwa au ya mwaka, isipokuwa kiambatisho kiwe kimesema hivyo. Ada ya siku inahesabiwa kuwa imeshayafunika hayo yote. Kiambatisho chetu kilikuwa kimya. Basi saa 12 ni siku moja, na saa 4 ni nusu siku. Fomula ya safu ya H ni hii:

```
=MIN(G2/8,1)
```

Kwa fomula hiyo Oktoba yake ikawa siku 16. Tofauti ya siku 2.5 kwa KSh 18,000 ni KSh 45,000. Na tazama jinsi ilivyojificha: kwa miezi mitatu alidaiwa siku 39.5, na mkataba ulimruhusu 40. Anayelinganisha ankara na mkataba peke yake angepitisha. Ndiyo maana jedwali langu lina namba tatu kwa kila nafasi: mkataba umeruhusu ngapi, ankara zimedai ngapi, na karatasi za muda zinathibitisha ngapi.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuikumbuka. Ukiona siku zenye desimali kama 18.5 au 17.25 kwenye ankara, na karatasi ya muda haina nusu siku hata moja, kuna mtu amejumlisha saa za mwezi mzima kisha akagawanya.

Mtu amebadilika, nafasi haijabadilika

Mtaalamu wa maji ya ardhini aliondoka katikati ya Oktoba. Kampuni ilileta mwingine, tukapitia wasifu wake, tukamkubali kwa barua. Kwenye muhtasari wa ankara ya tatu, mistari yao ilisomeka hivi: mtaalamu wa kwanza, siku 16 kati ya 30, mtaalamu wa pili, siku 21 kati ya 30. Wote wawili wanaonekana wana akiba nzuri.

Siku 30 zilikuwa za nafasi. Mtu wa pili alirithi zile 14 zilizobaki, hakuja na 30 zake. Kwa pamoja wametumia siku 37, yaani wamepita kwa siku 7. Hapa ndipo safu mbili za nafasi na mtu zinapolipa gharama yake, kwa sababu fomula ya kujumlisha inaangalia nafasi:

```
=SUMIFS(Siku!H:H,Siku!C:C,"MAJI")
```

Kwa Injinia unaongeza sharti la mahali, `Siku!F:F,"N"`, ili nyanjani itengane na ofisini.

Ukishakuwa na mistari ya siku moja moja, kuna vipimo viwili ambavyo siviachi kamwe. Cha kwanza kinauliza kama mtu mmoja ameonekana mara mbili tarehe ile ile. Cha pili kinauliza kama nafasi moja imetozwa mara mbili tarehe ile ile, hata kama ni watu tofauti:

```
=COUNTIFS(D:D,D2,E:E,E2)
=COUNTIFS(C:C,C2,E:E,E2)
```

Jibu lolote linalozidi 1 ni la kuuliza, isipokuwa ni nusu siku ofisini na nusu siku nyanjani. Kipimo cha kwanza kiliwahi kunisaidia sana kwenye mkataba mwingine wa Kakamega, ambapo ankara zilifungwa tarehe 25 lakini karatasi za muda zilikuwa za mwezi mzima. Siku za tarehe 26 hadi mwisho wa mwezi ziliingia kwenye ankara mbili mfululizo. Ukiangalia ankara moja moja, huwezi kuiona kabisa, kwa sababu kila ankara peke yake inakubaliana na karatasi yake.

Kwa mkataba wetu wa Siaya, kipimo cha pili ndicho kilicholia. Oktoba 14 na 15 wataalamu wote wawili wa maji walikuwa wametozwa. Walikuwa wanakabidhiana kazi. Ni jambo la busara kufanya, lakini swali ni nani analilipia. Kwenye masharti tuliyokuwa nayo, gharama za ziada zinazotokana na kubadilisha mtaalamu hubebwa na kampuni, isipokuwa mteja amekubali vingine. Barua yetu ya kumkubali mtu mpya haikusema lolote kuhusu makabidhiano. Tangu wakati huo, kila barua ya kukubali mbadala inayopita kwangu ina sentensi inayotaja siku zilizobaki kwenye nafasi hiyo, kwa namba.

Injinia aliyekuwa na siku nyingi mahali pasipofaa

Injinia alikuwa ametumia siku 42 kati ya 50. Amebaki na 8, nani atamlaumu? Lakini zikitenganishwa, ofisini alikuwa ametumia 9 kati ya 20, na nyanjani 33 kati ya 30. Siku tatu za nyanjani zimepita, na ada ya nyanjani ni kubwa kuliko ya ofisini kwa KSh 7,000.

Hapa napenda watu watulie kabla ya kuandika barua kali. Ile fomu inamruhusu mshauri kurekebisha makadirio ya muda wa mtaalamu kwa kumwandikia mteja taarifa tu, mradi mabadiliko yasizidi asilimia 10 ya makadirio ya mtaalamu huyo au wiki moja, chochote kilicho kikubwa, na mradi jumla isivuke kikomo cha fedha. Zaidi ya hapo panatakiwa idhini ya maandishi ya mteja. Siku tatu zinaingia vizuri ndani ya wiki moja. Siku 7 za maji haziingii, kwa sababu wiki ya kazi ni siku 5 na asilimia 10 ya 30 ni siku 3.

Kwa hiyo kwa Injinia swali langu lilikuwa moja tu: taarifa iko wapi? Nilimpigia simu.

"Injinia, habari za Nakuru? Nimeona siku za nyanjani zimefika 33. Mlituandikia?"

"Madam, tulikubaliana pale Siaya kwenye ziara. Mkurugenzi wenu alikuwepo."

"Mkurugenzi alikuwepo, sawa. Karatasi je?"

Akacheka. Karatasi haikuwepo. Kilichokuwepo ni kumbukumbu za kikao cha Novemba, zilizotiwa sahihi na pande zote mbili, zikisema kwamba Injinia atakaa Siaya hadi majaribio ya pampu yaishe. Tulizikubali, na tukamwomba aandike taarifa rasmi inayozitaja. Mkaguzi akija hatauliza kama Injinia alikuwa nyanjani kweli. Atauliza ni nani aliyebadilisha kiambatisho.

Sikukuu na safari

Baada ya jumla, napitisha mistari kwenye kalenda. Oktoba 2024 ilikuwa na siku 23 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiondoa tarehe 10, Siku ya Mazingira, na tarehe 21 iliyokuwa mapumziko kwa sababu Sikukuu ya Mashujaa iliangukia Jumapili, zinabaki 21. Excel inakuhesabia, ukiwa na shiti ya sikukuu:

```
=NETWORKDAYS(DATE(2024,10,1),DATE(2024,10,31),Likizo!A2:A20)
```

Mtu anayedai siku 23 Oktoba hiyo amefanya kazi sikukuu au wikendi, au amejaza karatasi bila kutazama kalenda. Kwetu hakuna aliyefika huko. Lakini mtaalamu wa jamii alikuwa na saa 8 tarehe 1 Novemba, Ijumaa ile iliyotangazwa ghafla kuwa mapumziko kwa ajili ya kuapishwa kwa Naibu wa Rais, Kithure Kindiki. Mimi ni mtu wa kushuku tarehe za namna hiyo. Sikukuu zinazojulikana tangu Januari mtu huziruka hata akiwa anajaza karatasi mwisho wa mwezi kwa kukisia. Ile ya ghafla ndiyo husahaulika, na anayekisia hunaswa hapo.

Niliomba orodha ya mahudhurio. Ikaja, ya mkutano kwenye uwanja wa kanisa karibu na Yala, tarehe 1 Novemba, na sahihi na alama za vidole za watu waliofika. Watu walikuwa wamealikwa kabla mapumziko hayajatangazwa, na walikuja. Siku hiyo tuliilipa kama siku moja ya kawaida. Nataja hili kwa sababu siku iliyotia shaka ilikuwa halali, na mwezi uliokuwa umenyooka ndio uliokuwa na shilingi 45,000 za ziada. Kalenda inakupa swali la kuuliza, haikupi jibu.

Kuhusu siku za safari, soma mkataba kama unazitaja. Kutoka Nakuru kupitia Kericho na Kisumu hadi Siaya sehemu kubwa ya siku inaishia barabarani, na mkataba ukiwa kimya kila upande utajitafsiria. Malizeni hilo kwenye kikao cha kwanza, liingie kwenye kumbukumbu. Na kama mnalipa posho ya malazi kwa risiti, hesabu usiku waliolala Siaya, uziweke kando ya siku za nyanjani. Siku tano za nyanjani mfululizo bila risiti hata moja ya kulala, kwa mtu anayeishi Nakuru, zinastahili simu.

Jedwali lilivyotoka

Haya ndiyo niliyompelekea mkurugenzi, ukurasa mmoja:

| Nafasi | Mkataba | Ankara 1–3 | Karatasi za muda |
|---|---|---|---|
| Injinia, ofisini | 20 | 9 | 9 |
| Injinia, nyanjani | 30 | 33 | 33 |
| Maji ya ardhini (watu wawili) | 30 | 37 | 37 |
| Masuala ya jamii | 40 | 39.5 | 37 |
| Jumla | 120 | 118.5 | 116 |

Soma mstari wa mwisho peke yake, kila kitu ni salama. Siku 11 za Injinia ambazo hazikutumika ofisini ndizo zilizoficha siku 3 zilizopita nyanjani na siku 7 zilizopita kwenye maji. Fedha nazo zilifanya vivyo hivyo. Kikomo cha mkataba kinazuia mradi usilipe zaidi ya jumla. Hakizuii ada ya mtaalamu mmoja kuhamia kwa mwingine bila mtu kuidhinisha.

Kisha tukaamua mstari kwa mstari. Injinia alilipwa baada ya taarifa yake kufika. Siku 2.5 za jamii zilikuwa zimeshalipwa kwenye ankara ya pili, kwa hiyo tulizikata kwenye ya tatu; masharti yanaruhusu tofauti kati ya kilicholipwa na kilichoidhinishwa kuongezwa au kupunguzwa kwenye malipo yanayofuata. Siku 7 za maji, KSh 168,000, tulizizuia zikisubiri maelezo na ombi la marekebisho.

Hapa pana kosa ambalo sisi wateja hulifanya mara kwa mara: kuzuia ankara nzima kwa sababu ya mstari mmoja. Fomu inaruhusu kuzuia ile sehemu tu isiyo na uthibitisho wa kutosha. Nyingine inatakiwa ilipwe ndani ya siku 60 tangu ankara kamili ipokelewe. Kwa hiyo barua yetu ilitenga mambo mawili: hiki tunalipa sasa, hiki tumezuia, na kwa kila kilichozuiwa tulitaja tarehe, namba ya ukurasa wa karatasi ya muda na kifungu cha mkataba. Safu ya B, ile ya ukurasa wa PDF, ndiyo iliyofanya barua hiyo iandikwe kwa nusu saa.

Kampuni ilijibu kwamba siku mbili za makabidhiano itazibeba yenyewe, na kwa tano zilizobaki ikaleta ombi lenye sababu: visima viwili vilivyopimwa upya baada ya vya kwanza kukosa maji ya kutosha. Ombi hilo lilikuwa na msingi, kwa sababu sisi wenyewe ndio tulioagiza upimaji huo. Marekebisho yalizitoa siku tano kwenye siku za Injinia za ofisini, na kikomo cha fedha hakikuguswa.

Jedwali lenyewe sijalifuta. Kwenye masharti hayo mteja ana miezi 12 kamili, tangu apokee ripoti ya mwisho na ankara ya mwisho aliyoikubali, kudai kilicholipwa kupita kiasi, na kampuni ina siku 30 za kurudisha baada ya kupewa taarifa. Kwa hiyo faili la Siaya linakaa kwenye kompyuta ya ofisi pamoja na PDF zake, kurasa zikiwa na namba zile zile, mpaka muda huo upite.